Upepo, Oili na Ulimi wa Mlango

Mwaka ule hoteli za Diani zilikuwa zimelala. Wageni walikuwa wamepungua, vitanda vimefunikwa, wahudumu wamerudishwa makwao. Lakini mwenye hoteli aliyekuwa na akiba aliona huo ndio wakati wa kubomoa na kujenga, maana hakuna mgeni wa kulalamikia kelele za nyundo. Hoteli moja kati ya hizo ilituagiza milango ya vyumba vyake vyote. Karakana yetu ya Bongwe, ambayo kwa miezi mingi ilikuwa ikitengeneza viti vya kanisa na majeneza, ikaamka.

Mimi nilikuwa fundi mitambo pale. Nilizaliwa Mackinnon Road, mama akiuzia madereva wa malori chai na mahamri, na nikakua nikitazama watu wakilala chini ya magari. Nilipotoka chuoni na cheti changu, mwenye karakana aliniajiri kwa sababu, alivyosema mwenyewe, mwanamke hawezi kulewa kazini. Alikuwa mtu wa bara, baba yake alipewa shamba huku zamani, na alikuwa na tabia ya kusema jambo la kuudhi kwa sauti ya kutoa sifa.

Mtu wa pili muhimu katika habari hii ni mzee aliyechonga viungo vya milango. Alitoka kusini kabisa, upande wa Vanga, na ujanani alikuwa akiunda vyombo vya baharini. Mlango wa mbao una mbao za kusimama na mbao za kulala. Ncha ya mbao ya kulala huchongwa ulimi, mbao ya kusimama hutobolewa shimo, na ulimi huingia shimoni ukiwa umepakwa gundi. Mafundi wengi huchonga ulimi unaoingia kwa kusukumwa na mkono. Mzee aliuona huo kuwa uzembe. Kwao, ulimi ulioingia bila kupigwa ulikuwa ni maji yanayongoja kuingia chomboni, na ingawa nilimwambia mara nyingi kwamba chumba cha hoteli hakielei, hakupunguza hata unywele. Viungo vyake vilikuwa vigumu kama roho ya mdai, na havikuachana kamwe.

Shida ilikuwa kuvifunga. Tulikuwa na klampu za skrubu, zile za kuzungusha kwa mkono, na ili ulimi wa mzee uingie mpaka mwisho watu wawili walitia bomba kwenye mpini wa klampu wakaning'inia. Mlango mmoja ulikula muda mwingi, na kwa joto la pwani gundi ilianza kushika kabla mbao hazijakutana. Kwa oda ya hoteli nzima hatungeweza. Ilihitajika meza ya kubana yenye nguvu yake yenyewe, na mwenye karakana akanipa kazi ya kuamua: ya upepo au ya oili.

Aliniita ofisini akaniambia pia jambo la pili, mlango ukiwa wazi, na mzee akipita nje na ubao begani.

"Hii mashine ikifunga viungo vya huyu mzee, sawa, mzee anabaki. Isipofunga, mimi nitachukua mbao Mombasa zikiwa zimekatwa na mashine, zinaingia tu zenyewe. Mzee ataenda kupumzika."

Mzee hakugeuka. Lakini masikio yake yalikuwa mazima, na kuanzia hapo nilijua ninachochagua si mashine peke yake. Alikuwa na mke mmoja hapa Bongwe, mwingine na wajukuu kule kusini, na mtu wa umri ule akitoka kazini haajiriwi tena na mtu.

Nianze na upepo, kwa kuwa ndiko tulikoanzia. Kompresa tulikuwa nayo tayari, ya kupulizia vanishi. Silinda ya upepo ni rahisi: upepo uliokandamizwa unaingia nyuma ya pistoni, pistoni inakwenda mbele, na upepo uliotumika unaachiwa hewani. Hakuna tangi la oili wala paipu ya kurudi. Kwa bei, upepo ulishinda kabla ya mchezo kuanza. Kwa kasi pia ulishinda, maana unafungua vali na kabla hujamaliza kusema bismillahi pistoni imefika. Usafi nao, upepo ukivuja unapiga mluzi tu, haudondoki juu ya mbao. Si kwamba ni msafi wa kutawadhia. Hewa ya pwani ina maji mengi, na asiyeyamwaga kila asubuhi kutoka kwenye tangi la kompresa atayakuta ndani ya silinda. Lakini maji hayo tuliweza kuyadhibiti.

Upungufu wa upepo ni nguvu. Kompresa yetu ilitoa kilo sita kwa kila sentimita mraba, si zaidi kwa raha yake. Nilipata silinda ya upana wa inchi nne. Ukipiga hesabu, inasukuma kilo mia nne na themanini na kitu, tuseme magunia matano ya mahindi na madebe mawili juu. Tuliifunga kwenye meza ya chuma, tukalaza mlango wa mzee uliopakwa gundi, nikafungua vali. Silinda iliruka, ikagonga mbao kwa kishindo, kisha ikasimama. Kati ya mbao mbili palibaki mwanya wa kupitisha ukucha. Tulijaribu ulimi wa pili na wa tatu, mambo yakawa yale yale. Mwenye karakana aliuingiza ukucha wake kwenye mwanya akautoa, akamtazama mzee, akaenda zake.

Mzee aliutazama ule mwanya kwa muda. "Mashine hii ni dhaifu, mwanangu," akaniambia.

"Si dhaifu, babu. Ndimi zako ndizo kaidi."

"Basi tafuta yenye nguvu."

Nikaenda Mackinnon Road. Kule kulikuwa na gereji ya malori iliyokuwa na pampu ndogo ya oili ya umeme, tangi lake, geji ya kusomea shinikizo, na silinda ya inchi mbili tu, nyembamba kama mkono wa mtoto. Walinikopesha kwa heshima ya chai ya mama. Oili haibanwi ikapungua kama upepo. Pampu inaweza kuipandisha hadi kilo mia kwa sentimita mraba na zaidi, na silinda ile nyembamba kwa kilo mia inasukuma tani mbili. Hiyo ndiyo sifa ya oili: nguvu nyingi mahali padogo. Dosari zake zinajulikana pia. Pampu, tangi, vali na paipu za mpira za shinikizo kubwa vyote vinanunuliwa upya, na bei yake ilimfanya mwenye karakana akohoe. Mwendo wake ni wa taratibu, maana pampu ndogo hujaza silinda kidogo kidogo. Na oili huvuja. Leo au kesho, kwenye kiungo cha paipu au kwenye sili, ule mpira unaoziba fimbo ya pistoni, oili huvuja, na karakana ya mbao nyeupe si mahali pake.

Hata hivyo niliitaka oili. Nasema waziwazi kwamba niliitaka kwa ajili ya mzee.

Siku ya jaribio alikuja pia mhandisi wa hoteli, mtu safi wa kutisha, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Tulipaka gundi, tukalaza mlango, nikaiwasha pampu. Silinda ilikwenda pole pole, ndimi zikaingia moja baada ya nyingine kwa upole uliotushangaza wote. Mbao zilikutana, unyoya haupiti. Mzee alishusha pumzi. Mwenye karakana alinipiga begani. Tukatoboa viungo, tukapiga vijiti vya mbao kuvishikilia, mlango ukawekwa kando ukauke. Tulitengeneza mitatu namna hiyo, na ilipokauka tuliipiga msasa na vanishi.

Mhandisi aliporudi kuitazama, kila kiungo kilikuwa kimezungukwa na doa jeusi. Vanishi haikushika hapo, ilikuwa imejikunja. Alikamata mlango mmoja kwenye pembe akautikisa, na kiungo kikacheza. Gundi haikuwa imeshika kitu. Vijiti peke yake ndivyo vilivyobeba mlango.

"Oili," mhandisi akasema, akijifuta vidole kwa leso. "Nilijua. Mashine ya oili hailetwi kwenye samani. Ikiwa ndiyo hii, tafadhali msitutengenezee."

Mwenye karakana alinigeukia mbele yake. Aliniambia nirudishe takataka zile nilikozitoa, na kwamba tutanunua ya upepo, na mbao za Mombasa. Mzee alikuwa amesimama nyuma ya meza. Aliinamisha kichwa akaanza kukusanya patasi zake, ingawa kazi ya siku ilikuwa haijaisha.

Mimi nilikasirika, na hasira yangu ina faida moja, hunifanya nikague vitu. Nilipangusa fimbo ya pistoni: kavu. Nikapangusa paipu zote za mpira na viungo vyake: kavu, isipokuwa unyevu kidogo chini ya tangi, mbali kabisa na mbao. Kisha nikakumbuka jambo lililokuwa likinikera tangu siku ya jaribio bila kulitilia maanani. Geji. Ulimi unapokuwa unaingia, mshale husimama mahali fulani, na hapo ndipo unaposoma nguvu inayotakiwa. Mbao zikikutana, pistoni haina pa kwenda tena na mshale hupanda ghafla. Siku ile, ndimi zilipokuwa zikiingia, mshale ulikuwa kwenye ishirini. Kilo ishirini kwa silinda ile ni kilo mia nne. Ni pungufu ya zile ambazo upepo ulisukuma, na upepo ulishindwa.

Kiungo kilichokataa magunia matano ya upepo hakiwezi kukubali magunia manne na nusu ya oili. Kilo ni kilo. Mbao haijui kinachosukuma nyuma ya pistoni ni nini. Basi kilichobadilika si mashine, ni ulimi.

Nilichukua patasi nikapasua kiungo kimoja cha milango ile iliyoharibika, nikaleta pua karibu. Oili ya mashine nimeinusa tangu utotoni, ina harufu ya gereji ambayo haisahauliki. Hii ilinukia nazi.

Mzee nilimkuta nyuma ya karakana, ametoka kuswali adhuhuri, ananoa. Nilimwamkia shikamoo. Akaitikia. Nikakaa kwenye gogo, nikampa kile kipande cha ulimi. Alikinusa, akakiweka mapajani.

"Chombo," akaanza, "tunapopiga ulimi mgumu, tunaupaka mafuta kidogo. Unaingia kwa adabu. Na mafuta yanazuia maji. Hatutumii gundi sisi."

"Hapa tunatumia gundi, babu."

"Najua." Akakigeuza kile kipande mapajani. "Niliona upepo umeshindwa. Nikasema, na hii nayo ikishindwa, nimekwisha. Nikaisaidia."

Kwa hiyo ilikuwa hivyo. Aliisaidia mashine. Wallahi sijui kama nilitaka kucheka au kulia. Kama ningenyamaza, oili ingebeba lawama, upepo wa inchi nne ungenunuliwa, na mzee angeondoka kwa sababu viungo vyake havifungiki. Kama ningesema, oili ingesafishwa jina, na mzee angeondoka kwa sababu ameharibu milango mitatu ya mteja mkubwa pekee tuliyekuwa naye. Kila nilipoligeuza jambo lile, mzee alikuwa mlangoni na patasi zake. Nilimwambia hivyo hivyo, sikumficha.

"Usiseme wewe," akanijibu. Akainuka, akajipangusa magoti, akavaa kofia yake vizuri, akaenda ofisini. Nilimfuata nikasimama kizingitini.

"Bwana," alisema, "mafuta ni yangu. Nimepaka mimi, mafuta ya nazi, usiku nyumbani, nikaja nazo mbao asubuhi. Binti huyu hakujua. Mashine yake haikuvuja hata tone. Mwaka mzima nimekula chumvi yako, siwezi kukuacha ununue kitu kwa uongo wangu."

Mwenye karakana aliizungusha kalamu mkononi. Nilimwona akitafuta neno la kumuumiza, na alikuwa nayo mengi. Kabla hajalipata nikasema mimi. Niliomba mlango mmoja tu, mkavu, bila mafuta, kwa pampu ile ile, si ili tuinunue bali ili tuisome. Tangu mwanzo tulikuwa tukibishana juu ya nguvu bila mtu hata mmoja kujua ulimi wa mzee unataka nguvu kiasi gani. Upepo ulisema hautoshi. Oili ilisema inatosha na kubaki. Kati ya hayo mawili kulikuwa na pengo kubwa, na tulikuwa tukilirukia gizani.

Alikubali, nadhani kwa sababu kukubali kulimpa nafasi ya kukasirika baadaye. Mzee alichonga mlango mbele yetu. Gundi, meza, pampu. Safari hii mbao zililia. Mshale ulipanda ishirini, thelathini, arobaini, ulimi ukatambaa, na mshale ukasimama kwenye arobaini na tano mpaka mbao zilipogusana na ukaruka juu. Ndimi zote za mlango ule zilitaka hivyo, hii chini kidogo, ile juu kidogo, hakuna iliyopita hapo sana. Mzee alikuwa akichonga ugumu ule ule kila mara, kama aliyepimiwa.

Arobaini na tano kwa silinda ya inchi mbili ni kilo mia tisa. Magunia kumi. Tani mbili za nini, basi? Nusu yake tu ilitosha, na nusu hiyo upepo unaweza kuitoa kama utapewa uwanja. Silinda ya upepo ya inchi sita, kwa kilo zile zile sita, inasukuma kilo elfu moja na tisini. Ukiondoa zinazoliwa na msuguano wa sili, bado zinazidi magunia kumi. Kompresa nikiipandisha hadi saba, ninapata akiba. Silinda pana zinakula upepo mwingi zaidi, na upepo si bure, kompresa inapoteza umeme mwingi kuwa joto. Lakini kwa kazi ya kufunga mara moja na kushikilia, tungeumudu. Na mwendo ule wa kuruka niliuzuia kwa vali ndogo za kubana upepo unaotoka, ili pistoni ije kwa hatua za bibi harusi na kila mtu aondoe vidole vyake.

Basi nilikuwa nimekosea kuhusu oili, na upepo ulikuwa sahihi, kosa lilikuwa kipimo cha silinda tu. Nilimwambia mwenye karakana hivyo. Tulinunua silinda tatu za inchi sita, moja kwa kila mbao ya kulala, na pampu ikarudi Mackinnon Road ikiwa imefutwa kuliko ilivyokuja. Mlango wa kwanza ulipelekwa kwa mhandisi. Aliutikisa, akaupapasa, akaunusa pia, maana habari zilikuwa zimemfikia. Akasema tuendelee.

Mzee hakufukuzwa. Ilibidi mtu anayeweza kuchonga ulimi wa magunia kumi kila mara bila kupima abaki. Lakini mwenye karakana hakuweza kuliacha jambo lipite hivi hivi. Alitoa amri: kila asubuhi, kabla ya gundi, nipanguse kila ulimi wa mzee kwa kitambaa cheupe mbele ya mzee mwenyewe, na kitambaa nimpelekee ofisini akione. Nilimwomba aiondoe amri ile. Nilimwambia mtu aliyekuja kujisema mwenyewe hapekuliwi. Akasema ni utaratibu tu, wala si dharau.

Niliona haya, na haya ile bado ninayo. Nilikuwa na umri wa binti yake wa mwisho. Nilikuwa nikimwamkia shikamoo, ananiitikia marahaba, kisha ananiinulia mbao, nami napangusa ulimi pande zote nne na kumgeuzia kitambaa. Kila siku kilikuwa cheupe. Yeye alikuwa akitazama kando, juu ya miembe ya jirani, mpaka nimalize.

Baada ya majuma kadhaa nilifika nikiwa nimeamua. Nilikiacha kitambaa nyumbani makusudi. Nilimwamkia, nikasimama mikono mitupu, nikamwambia nimekisahau, basi leo tuanze tu kazi.

Mzee alinitazama, si kando safari hii. Akatia mkono mfukoni akatoa kitambaa cheupe, kimefuliwa na kukunjwa mara nne, kimepigwa pasi.

"Mke wangu alikifua," alisema. "Nilijua siku moja utanionea huruma. Shika, mwanangu. Pangusa."